Nina watoto watatu, simu inasema mimi ndiye mtoto

Shangazi, shikamoo. Nauza vitenge na madera hapa Tanga. Siku niliyonunua simu, kijana wa dukani ndiye aliyenifungulia akaunti ya Google. Nilimwambia nimezaliwa 1989, yeye akaandika 2009, nami sikujua. Ikafanya kazi tu miaka yote, ila YouTube ilikuwa ikinikatalia baadhi ya video kwamba umri hautoshi. Juzi nikaingia mwenyewe kurekebisha. Nikafuta tarakimu mbili za mwisho nikaandika 19, nikidhani naanza mwaka upya, kumbe imesomeka 2019. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza, nikabonyeza kukubali. Sasa nimeletewa barua pepe kwamba sijafikisha umri na akaunti itafungwa baada ya siku 14. Namba za wateja na picha za mzigo zote zimo humo. Fundi anataka simu aifute yote ianze upya. Binti yangu, ana miaka 19, anasema nikubali ile njia ya mzazi, yeye awe msimamizi wangu. Wifi yangu aliye Ujerumani naye anasema umri unaotakiwa ni miaka 16. Nimsikilize nani? Neno la siri ninalo, kadi ya NIDA ninayo, kadi ya mkopo ya benki sina.
Mama Salha, Tanga

Marahaba, Mama Salha. Fundi usimsikilize. Binti yako ana nia njema, lakini naye usimsikilize. Wifi yako nitamjia mwishoni. Unachohitaji unacho tayari, ni hiyo kadi ya NIDA, na bado una siku mkononi.

Nianze na jambo ambalo nadhani ndilo linalokukera zaidi: kwa nini mfumo ulikubali upesi namna ile kwamba wewe ni mtoto, na sasa unataka vitambulisho ndipo ukubali kwamba ni mtu mzima? Umri kwenye akaunti hizi ni kama mlango wenye mlinzi upande mmoja tu. Anayeshuka hapitiwi na mtu, anayepanda husimamishwa na kuulizwa karatasi. Sababu yake iko kwenye sheria. Marekani, nyumbani kwa kampuni hii, ina sheria ya mwaka 1998 iitwayo COPPA inayokataza kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 mtandaoni bila ridhaa ya mzazi. Na si sheria ya kwenye makaratasi tu. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri lililohusu taarifa za watoto. Baada ya hapo, kampuni ikiambiwa na mtumiaji mwenyewe kwamba amezaliwa 2019, haiwezi kujifanya haikusikia. Lakini ikiambiwa “nilikosea, mimi ni mtu mzima”, hayo ndiyo maneno ambayo mtoto wa miaka kumi angeyasema pia. Kwa hiyo inataka ushahidi.

Ukilielewa hilo utaona pia kwa nini hakuna faida ya kurudi kwenye ile sehemu ya tarehe na kuandika 1989 tena na tena. Neno lako peke yake halitoshi tena.

Makosa yako yalikuwa mawili, na kila moja lilikuweka ngazi yake. Lile la dukani, 2009, lilikuweka kati ya miaka 13 na 17. Mtu wa ngazi hiyo anaruhusiwa kuwa na akaunti yake mwenyewe, ndiyo maana hakuna aliyekusumbua kwa muda wote huo. Ila mambo ya watu wazima anafungiwa, na zile video za YouTube zilizokukataa zilikuwa dalili. Laiti ungeandika 1989 sawasawa siku ile, bado ungeweza kuombwa uthibitisho, kwa kuwa ulikuwa unapanda, lakini akaunti isingekuwa hatarini. Kosa la pili, 2019, lilikushusha chini ya 13, na huko mtu haruhusiwi kuwa na akaunti anayoisimamia mwenyewe. Hapo ndipo saa ilipoanza kuhesabu.

Sasa hiyo saa. Siku 14 ulizopewa ni za kuchagua moja kati ya mawili: kuthibitisha kwamba umri wako unatosha, au kuiweka akaunti chini ya usimamizi wa mzazi. Zikipita hujafanya lolote, akaunti inafungwa. Baada ya kufungwa kuna siku nyingine 30, kisha vilivyomo huanza kufutwa. Fungua ile barua pepe sasa hivi na uandike kwenye karatasi tarehe waliyokutajia, kwa sababu hesabu huanza siku waliyotuma, si siku uliyosoma. Ukitaka kujua uko upande gani wa mstari, fungua Gmail. Barua zikiingia kama kawaida bado uko ndani ya zile 14. Ukiambiwa akaunti imefungwa, umeingia kwenye zile 30. Hata huko bado unaweza kuthibitisha umri na ukarudishiwa, lakini hutaweza kuvifikia vitu vyako kwa urahisi kama sasa, na ndiyo maana nataka tuanze na vitu kabla ya kitambulisho.

Namba za wateja ni kazi ya dakika tano. Fungua programu ya majina ya simu yako, ile inayohifadhi namba. Kama ni ile ya Google yenyewe, utaona chini pameandikwa `Organize`, na ndani yake `Export to file`. Simu za aina nyingine huiweka kwenye menyu ya mipangilio ya programu hiyohiyo. Itakupa faili moja ndogo ambayo jina lake linaishia na `.vcf`. Mtumie binti yako faili hiyo kwa WhatsApp, nawe ubaki na nakala. Siku yoyote ukiifungua kwenye simu nyingine, majina yote yanaingia.

WhatsApp yenyewe usiiogopee. Iko kwenye namba yako ya simu, haiko kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo mazungumzo na wateja yataendelea hata akaunti ikifungwa. Pesa za kwenye laini vilevile hazihusiki. Kinachohusika ni nakala ya akiba ya WhatsApp inayohifadhiwa Google. Ukipoteza simu wakati akaunti imefungwa, hiyo huipati.

Picha zinahitaji umakini zaidi. Picha iliyopigwa kwa simu na haijawahi kuondolewa iko ndani ya simu, na kufungwa kwa akaunti hakuigusi. Lakini kama uliwahi kuambiwa nafasi imejaa, ukabonyeza `Free up space` kwenye Google Photos, basi za zamani zimebaki kwa Google peke yake. Namna ya kupima ni rahisi: zima data na Wi-Fi, kisha fungua picha za mwaka juzi uzikuze kwa vidole. Inayofunguka ikiwa safi ipo kwenye simu. Inayobaki na ukungu iko kwa Google.

Kwa hizo za kwa Google, ingia `takeout.google.com`, ondoa alama kwenye vitu vyote, acha Google Photos tu, kisha agiza. Watakuandalia mafurushi na kukutumia kiungo kwa barua pepe. Yapo mambo mawili yanayowaponza watu hapa. Kwanza, kuandaa huko kunaweza kuchukua saa kadhaa, na picha zikiwa nyingi hata siku kadhaa, kwa hiyo agiza leo. Pili, kiungo kinakuja kwenye Gmail ileile, na kupakua kunadai uingie kwa akaunti ileile. Ukiagiza siku ya kumi na tatu, kiungo kinaweza kufika mlango umeshafungwa. Mafurushi ni mazito, huwa hadi gigabaiti 2 kila moja, kwa hiyo tafuta penye Wi-Fi na kompyuta badala ya kumaliza bando lako.

Vitu vikishakuwa salama, ndipo kitambulisho.

Ingia kwenye akaunti kwa simu yako mwenyewe, ile unayoitumia kila siku. Fuata onyo la umri litakalotokea, au andika mwenyewe anwani hii kwenye kivinjari:

```
myaccount.google.com/age-verification
```

Nasema uandike mwenyewe kwa sababu matapeli hutuma barua pepe zinazofanana kabisa na za Google. Ukiandika anwani kwa mkono wako hutapelekwa pengine.

Utaona njia zinazopatikana katika nchi yako. Zilizozoeleka ni mbili, kadi ya mkopo ya benki na picha ya kitambulisho cha serikali. Kwa kadi ya mkopo huzuia kiasi kidogo kwa muda kisha hukiachia, hawakikati. Wewe huna, na sikushauri uazime ya mtu. Wala usitegemee kadi pepe ya kwenye simu unayoijaza pesa kwanza. Wanachotafuta ni ushahidi kwamba benki ilimpima mtu mzima ikamwamini, na kadi ya kujaza haisemi hivyo. Chagua kitambulisho.

Kabla ya kupiga picha, itazame namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1989, namba yake inaanza hivi:

```
19890314-
```

Hiyo ndiyo tarehe utakayoifuata, hata kama mama yako anakumbuka nyingine. Nalisema hili kwa sababu wako wengi waliozaliwa nyumbani wakaandikishwa ukubwani kwa kukadiria, na tarehe wanayosherehekea si ile iliyo kwenye kadi. Google haitajua habari za mkunga. Italinganisha tu kilichoandikwa na kilichopigwa picha. Fomu ikikuuliza tarehe, angalia pia sanduku lipi ni la mwezi. Simu ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani mwezi hutangulia siku, kwa hiyo utachagua `March` kwanza, kisha 14, kisha 1989. Mwaka uandike wote, tarakimu nne. Ukimaliza, usome kwa sauti kabla hujabonyeza. Wewe umeshaona 19 iliyokaa mahali pabaya inavyofanya.

Picha yenyewe ipige mchana, karibu na dirisha au mlangoni, bila taa ya simu. Kadi ya plastiki hung’aa, na mng’ao ukiangukia kwenye tarehe picha hiyo ni ya kutupa. Ilaze juu ya kitu cheusi au cha rangi moja, hata kitenge kisicho na maua kinafaa, pembe zote nne zionekane. Usipige picha ya nakala ya fotokopi, wala picha ya kadi iliyo kwenye kioo cha simu nyingine. Ukishapiga, ikuze. Usiposoma mwaka vizuri wewe mwenyewe, nao hawatausoma. Kama kadi yako imechubuka hapo kwenye tarehe, tumia pasipoti au leseni ya udereva. Barua ya serikali ya mtaa, ambayo kwetu hufungua milango mingi, hapa usiitegemee, na karatasi yenye namba ya NIDA bila kadi ni vivyo hivyo. Wanataka kitambulisho chenyewe kilichotolewa na serikali, tarehe ya kuzaliwa ionekane.

Najua kuna atakayeogopa kuituma kadi yake, na simcheki. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilianguka mikononi mwa wezi kupitia kampuni iliyokuwa ikiihudumia, na waliokuwa kwenye hatari hiyo ni watu kama wewe, waliopeleka vitambulisho kulalamikia umri. Google inasema huifuta picha ya kitambulisho baada ya kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa. Mimi ningeituma, kwa sababu ya uzito wa vilivyomo kwenye akaunti yako. Ila ningeipakia kwenye ukurasa ule tu. Nisingeituma kama kiambatisho cha barua pepe, wala kwa mtu wa WhatsApp anayedai kuwa “wakala wa Google”. Huduma hii haina malipo. Anayekuomba elfu ishirini akufungulie akaunti, au anayetaka umsomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe mfupi, ni mwizi.

Ukishatuma, subiri jibu kwa barua pepe. Usitume mara tano kwa siku moja. Wakikataa, soma sababu. Aghalabu ni picha isiyosomeka, nawe utapiga upya au utabadili kitambulisho. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutongoja siku za mwisho: unataka nafasi ya kukataliwa mara moja na kurudi.

Nirudi kwa fundi. Kuifuta simu hakugusi kosa lako hata kidogo. Tarehe ya 2019 haiko ndani ya simu, iko kwenye mitambo ya Google, na itakungoja palepale. Lakini kuna baya zaidi. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu hizi zina ulinzi dhidi ya wezi: ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, kama mafundi wengi wanavyofanya, inapowaka hudai akaunti iliyokuwemo mwanzo. Ukiwa na akaunti iliyofungwa, simu haitakufungukia wewe mwenye mali. Hapo fundi atakuuzia dawa ya ugonjwa alioleta yeye. Hata ukiifuta kwa njia ya kistaarabu kupitia mipangilio, utakuwa umepoteza zile picha zilizokuwa salama ndani ya simu, na akaunti bado iko kifungoni. Vilevile usiondoe akaunti kwenye simu ukitarajia kuiingiza upya. Iache ilivyo mpaka jibu lije.

Kwa binti yako sasa. Anachokisema kinawezekana, na kitazuia akaunti isifungwe, ndiyo maana kinavutia. Lakini njia ya mzazi, inayopitia programu iitwayo Family Link, ni kutia sahihi kwamba kweli wewe ni mtoto. Akaunti yako itageuzwa kuwa ya mtoto aliye chini ya usimamizi: yeye ndiye atakayeidhinisha programu unazopakua, ataweza kupanga muda wa simu na kuona ilipo, na baadhi ya huduma zitapungua au kuondoka kabisa. Kwa mfanyabiashara hilo ni kujifunga pingu. Na bado siku utakapotaka kutoka huko utarudi kwenye suala lilelile la tarehe. Kama ungekuwa huna kitambulisho chochote na siku zimebaki mbili, ningekuambia heri hiyo kuliko kupoteza vyote. Wewe hujafika huko.

Umri ukishakubaliwa, fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, kisha `Manage your Google Account`, halafu `Personal info`, na hapo `Birthday`. Hakikisha imeandikwa 1989. Kisha cheza moja ya zile video zilizokuwa zikikukataa. Ikicheza, kufuli zote mbili zimefunguka, ile ya ujana na ile ya utoto. Bado ikikataa wakati tarehe iko sawa, toka kwenye YouTube uingie tena kabla ya kudhani kuna tatizo jipya.

Ukiwa hapohapo kwenye `Personal info`, angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Vijana wa madukani wakiwa na haraka huweka namba zao wenyewe, au za duka. Ukikuta namba usiyoijua, iondoe uweke yako, kisha badilisha neno la siri alilokutungia. Kama ni lile la jina lako na tarakimu 1234, nadhani tunaelewana.

Na kwa kuwa una biashara: siku utakapofungua ukurasa wa duka popote pale, wakiuliza tarehe ya kuzaliwa weka yako, usiweke siku duka lilipoanza. Wapo waliofungiwa kurasa zao kwa sababu duka lao lilikuwa na miaka minne.

Kuhusu wifi yako, hajakudanganya. Umri wa kusimamia akaunti ya Google hutegemea nchi. Ujerumani na Uholanzi ni 16, Italia na Hispania ni 14, na nchi ambazo hazijatajwa kwenye orodha yao ya pekee ni 13, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kwa hiyo mwanawe akifungua akaunti huko akiwa na miaka 14 atazuiwa mahali ambapo binamu yake wa Tanga angepita. Kwako wewe, mwenye kadi inayosema 1989, haibadilishi kitu.